Ahadi si hela: jinsi ya kuweka kikomo cha gharama za harusi yako



Leo naomba tuongee hela. Najua hapa tumezoea kutafakari Injili na maisha ya watakatifu, lakini mada hii imeniganda tangu niliposikia swali la kijana mmoja anayeuza vifaa vya simu Mtaa wa Aggrey, pale Kariakoo. Yeye na mwenzake wamenipa ruhusa nisimulie, mradi nisitaje majina.

Tulikuwa tumesimama nje ya duka lake jioni, anafunga. Akaniambia, "Frateri, sisi tunaishi pamoja mwaka wa tatu sasa, mtoto tunaye. Kila Jumapili wenzetu wanakwenda kukomunika, sisi tunabaki kwenye benchi. Si kwamba hatutaki ndoa. Tunasubiri hela ya harusi."

Nikamuuliza, "Hela kiasi gani?"

Akanionyesha simu. Kwenye kundi la wasapu la kamati kulikuwa na bajeti ya shilingi milioni kumi na mbili kasoro kidogo, wageni mia tatu. Nikamuuliza mnayo kiasi gani mkononi. Akacheka kidogo, akasema, "Mkononi? Ahadi zipo kama milioni sita."

Hapo ndipo shida ilipo, na ndilo somo la leo. Bajeti ilikuwa imeandikwa kwanza, halafu hela ikaanza kutafutwa. Inatakiwa iwe kinyume chake: kikomo kitangulie, bajeti ifuate. Na kikomo kinatokana na hela iliyopo. Ahadi haihesabiwi humo.

Kanisa linadai nini hasa?

Tuanze hapa, maana vijana wengi wanachanganya ndoa na sherehe. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1108, inataka ridhaa ya ndoa itolewe mbele ya padre au shemasi mwenye mamlaka na mbele ya mashahidi wawili. Kabla ya hapo kuna maandalizi, cheti cha ubatizo, barua ya jumuiya na matangazo kanisani. Ukumbi haumo humo, wala keki.

Kuhusu sadaka ya ibada, kanuni ya 848 inamkataza mhudumu kudai zaidi ya kilichopangwa na mamlaka ya Kanisa, na inamtaka aangalie maskini asikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Kwa hiyo nenda ofisi ya parokia uulize kiasi, na kama huna, sema huna.

Mahari nayo ina heshima yake, na mimi siwafundishi kuidharau. Ila mjue kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haiifanyi kuwa sharti la ndoa kuwa halali. Wazee wakikubali ilipwe kwa awamu, ndoa yenu haipungui chochote.

Papa Fransisko aliliona tatizo hili. Katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, namba 212, anasikitika kwamba maandalizi ya sherehe yanamaliza hela na nguvu za wachumba, wanafika siku yenyewe wamechoka. Anataja pia wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa kwa sababu sherehe ni ghali mno. Nilipousoma nilimkumbuka yule kijana wa Aggrey.

Sasa, sherehe si dhambi. Bwana wetu mwenyewe alihudhuria harusi kule Kana. Tunachotafuta ni namna ya kufanya sherehe inayolingana na mfuko wako. Twende hatua kwa hatua kwa hesabu ya wachumba hawa. Bei nilizoweka ni za kwao, na nimezirahisisha ili tuelewane. Wewe weka zako.

Hatua ya kwanza: toa kwanza yasiyo ya sherehe

Akiba yao wote wawili ilikuwa 6,400,000. Mtu akiiona anasema, "Hapo si mbaya, tuna nusu ya bajeti." Ngoja kwanza. Ndani ya hiyo kuna hela ambayo tayari ina kazi nyingine. Mahari iliyobaki ni 1,000,000. Kodi ya chumba na sebule kwa miezi sita ni 1,500,000. Matumizi ya nyumbani ya mwezi wa kwanza baada ya harusi, pamoja na akiba kidogo ya mtoto akiugua, ni 900,000.

Ukitoa hizo, kwa ajili ya sherehe inabaki 3,000,000.

Hatua hii ndiyo watu wanairuka. Wanahesabu hela yote kuwa ya harusi, halafu Jumatatu baada ya harusi mwenye nyumba anagonga mlango. Ndoa ya wiki moja inaanza na deni la kodi.

Baada ya hapo wakaenda kwa wazazi wa pande zote mbili. Hawakuuliza, "Mtatuchangia?" Swali hilo jibu lake huwa "tutaona". Waliuliza hivi: "Kuna kiasi gani ambacho mnaweza kukiweka kwenye akaunti kabla ya mwisho wa mwezi huu?" Upande wa mwanaume wakaweka 1,200,000. Upande wa mwanamke, ambao walikuwa na sendofu yao ya kugharamia, wakaweka 800,000. Jumla ya hela inayoonekana kwa macho ikawa 5,000,000.

Kutoka hapo wakatenga asilimia kumi, yaani 500,000, kwa ajili ya dharura ya siku yenyewe. Ikabaki 4,500,000. Hicho ndicho kikomo chao kigumu. Wakakiandika kwenye karatasi, wakasaini wote wawili, na mama mzazi wa binti akashuhudia.

Hatua ya pili: jua mgeni mmoja anagharimu kiasi gani

Gharama za harusi ziko za aina mbili. Kuna zinazoongezeka kila mgeni anapoongezeka, yaani chakula, vinywaji, kiti na huduma. Na kuna ambazo hazibadiliki hata waje watu thelathini au mia tatu, kama ukumbi, muziki na pete.

Kwa bei walizopewa, mgeni mmoja aligharimu 25,000: sahani 15,000, vinywaji 8,000, kiti na huduma 2,000. Zidisha kwa wale mia tatu wa kamati. Unapata 7,500,000, kabla hujalipia ukumbi. Wageni peke yao wamekipita kikomo kwa milioni tatu.

Kwa hiyo idadi ya watu ndiyo inayoamua zaidi. Watu wanakaa vikao vinne wanabishana rangi ya mapambo, wakati hakuna aliyegusa orodha ya wageni. Ukibana kwenye keki unaokoa hela ya wageni wawili au watatu. Ukipunguza meza kumi za watu kumi, umeokoa 2,500,000.

Sasa angalia michango yenyewe. Kama desturi yetu ya hapa Dar ilivyo, kadi zao zilisema singo 50,000, dabo 100,000. Anayetoa singo anakuja mmoja, anayetoa dabo anakuja na mwenzake. Ina maana kila 50,000 inayoingia inakuja na mdomo mmoja wa kulisha, na mdomo huo ni 25,000. Kinachobaki ni nusu tu.

Ukiliona hilo, unaelewa kwa nini ahadi za milioni sita si milioni sita. Walioahidi walikuwa tisini: sitini singo na thelathini dabo. Wote wakilipa, wanaingia ukumbini watu 120, nao wanakula milioni tatu. Na ndugu aliyetoa 30,000 akaja na mkewe, amekuachia pengo la 20,000. Simsemi vibaya, huenda ndiyo hela aliyokuwa nayo, na pengine huyo ndiye unayetaka awepo kuliko wote. Ninachosema ni kwamba usimhesabu upande wa mapato. Mhesabu upande wa wageni wako wa lazima.

Hatua ya tatu: jaribio la sifuri

Hapa ndipo mahali pa kutoa jasho. Jiulize swali moja: kama hata mmoja kati ya walioahidi hatalipa, je, harusi itafanyika bila deni?

Wachumba wetu wakaandika kwanza wageni wa lazima, wanaokuja hata bila kutoa senti: maharusi wenyewe (na wao wanakula, watu husahau), wazazi, wasimamizi, babu na bibi, wajomba na mashangazi, padre, mwenyekiti wa jumuiya. Wakafika watu 32. Kwa 25,000 ni 800,000. Kwenye kikomo cha 4,500,000 ikabaki 3,700,000 kwa gharama zisizobadilika.

Kamati ilikuwa imeandika hivi:

- Ukumbi 1,200,000
- Mavazi 800,000
- Mshereheshaji na muziki 700,000
- Mapambo 600,000
- Picha na video 500,000
- Pete 300,000
- Usafiri 200,000
- Keki 150,000

Jumla 4,450,000. Imezidi kwa 750,000. Jaribio la sifuri limeshindwa.

Mtu mwingine angesema, "Aa, si ahadi zipo? Hiyo 750,000 itapatikana." Na hivyo ndivyo watu wanavyoingia shimoni, kwa sababu ukumbi unadai malipo ya awali leo, wakati ahadi inalipwa "wiki ijayo" kwa miezi minne mfululizo. Wao wakakubaliana kupunguza.

Ukumbi wa usiku ukaachwa. Misa ikawa asubuhi Jumamosi, ikafuatwa na chakula cha mchana kwenye ukumbi wa parokia kwa 800,000. Zimeokolewa 400,000. Faida nyingine ya mchana ni kwamba watu wanakunywa kidogo na wanaondoka mapema, na huhitaji taa nyingi za mapambo. Kwa hiyo mapambo nayo yakashuka hadi 400,000.

Ikabaki 150,000, na hiyo ilitoka kwenye mavazi. Hapa Kariakoo inasaidia, ikiwa unaijua. Shela walikodi, hawakununua. Sare za wasindikizaji wakaenda kununua kitenge Mtaa wa Uhuru, asubuhi siku ya kazi, wakiwa na idadi kamili ya watu na vipimo kutoka kwa fundi. Walipita maduka matatu kabla ya kutoa hela, na waliuliza swali ambalo wengi hawaulizi: "Bei ya jumla inaanzia pisi ngapi?" Mara nyingine ukiongeza pisi moja unashuka bei ya zote. Mara nyingine muuzaji anakuvuta ununue ishirini wakati unahitaji nane. Kwa hiyo jua idadi yako kabla ya kuingia dukani, na uchukue risiti ya mashine, maana ndiyo ushahidi wako mbele ya mhazini na ndiyo kinga yako kitambaa kikiwa na kasoro.

Hatari ya Kariakoo ni hiyo hiyo ya urahisi wake. Unaona glasi za bei ya jumla, unanunua mia mbili kwa wageni sabini. Ua la plastiki ni bei chee, unabeba katoni. Kila kitu ni rahisi, na jumla yake ni ghali. Dawa ni kwenda na orodha iliyoandikwa kiasi mbele ya kila kitu, na kubeba hela ya orodha hiyo tu.

Gharama zisizobadilika zikawa 3,700,000. Ukijumlisha wageni wa lazima, ni 4,500,000 kamili. Jaribio la sifuri limepita. Kuanzia hapo kila ahadi inayolipwa inajilipia chakula chake na kubakiza nusu. Haiwezekani tena harusi ile kuleta deni, ilimradi hakuna anayegusa bei.

Hatua ya nne: tarehe ya kufunga michango

Kikomo bila tarehe hakifanyi kazi. Wao waliweka siku ya mwisho ya michango wiki tatu kabla ya harusi. Kadi ya mwaliko ilitolewa baada ya hela kuingia, sio baada ya ahadi. Na mpishi walikubaliana naye kwa maandishi kwamba atapika kati ya sahani 32 na 150, na idadi ya mwisho atapewa siku saba kabla. Kipengele hicho kimoja ndicho kilichowaokoa. Ukisaini sahani 300 mapema, utalipia 300 hata wakija 70.

Michango ilipokelewa kwenye namba moja tu ya M-Pesa iliyotangazwa, na kila Jumapili jioni mhazini alituma kwenye kundi orodha ya waliolipa na salio. Mhazini hakuwa mmoja wa maharusi, na anayeidhinisha matumizi hakuwa mhazini. Hapa simtuhumu mtu wizi. Hela ya harusi ikichanganyika na hela ya sokoni ya mtu kwenye simu moja, hata mwaminifu anapoteza hesabu.

Wakafuta pia mstari wa bajeti ulioandikwa "mengineyo". Mstari huo kwa kawaida ndio unaolipia soda na nauli za vikao. Kamati yao ilikutana mara nne tu, kwenye sebule ya shangazi, baada ya sala ya jumuiya.

Je, michango ya vitu? Ipokelewe, lakini ihesabiwe kuwa hela pale tu inapofuta kitu kilichokuwa kwenye orodha. Shangazi aliyeleta kreti tano za soda amepunguza bili ya vinywaji, kwa sababu hizo ni chupa 120. Rafiki aliyejitolea kuleta matarumbeta hajapunguza chochote, na pengine ameongeza watu sita wa kulisha. Mshukuru, mweleze kwa upole.

Kuongea na wazee

Sehemu ngumu kuliko hesabu ni hii. Baba mkubwa wa kijana ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, na wageni mia tatu walikuwa wazo lake. Kijana alimfuata nyumbani peke yake, bila kulileta suala kikaoni. Alinisimulia mazungumzo hivi:

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Nasikia mnataka kunifanyia harusi ya watu thelathini."

"Hapana baba. Thelathini ni wale ambao hata tusipopata kitu lazima wawepo, na wewe ni wa kwanza. Wengine watakuja kadiri michango inavyoingia."

"Sasa sikiliza. Mimi nimechangia harusi za watu miaka ishirini. Leo ndio zamu yao kurudisha. Unataka nile hasara?"

Kijana hakubishana. Alimwambia, "Baba, hao waliokudai fadhila tuandikie majina yao wewe mwenyewe. Tuwape kadi wa kwanza kabisa. Akilipa mia, waje mia. Tunachoomba ni kwamba tusimpikie ambaye hajalipa."

Mzee akanyamaza, kisha akaomba karatasi.

Mnaona kilichotokea? Hoja ya mzee ilikuwa na ukweli. Michango yetu ni mkopo wa zamu usio na maandishi. Leo nakuchangia, kesho unanichangia. Kwa hiyo yeye hakuwa anatafuta sifa tu, alikuwa anadai haki yake. Kikomo hakikumnyima haki hiyo. Kilihamisha uzito kutoka kwa maharusi kwenda kwa walioahidi. Ukienda kwa mzee na neno "hapana" tupu, mtagombana. Mpe utaratibu ambamo analotaka linawezekana hela ikiingia.

Na wewe elewa upande wa pili wa hoja hiyo hiyo: kila mchango unaoupokea ni deni. Daftari la waliochangia msilitupe baada ya harusi. Liwekeni na cheti cha ndoa. Mtu aliyewapa 100,000 atakuja na kadi yake siku moja, na mtatakiwa kuitikia. Ndoa iliyochangiwa milioni nane imebeba miaka mingi ya kadi mezani. Hiyo nayo ni sababu ya kutotaka mchango mkubwa kuliko mnachohitaji.

Ilikuwaje mwisho?

Siku ya kufunga michango, kati ya wale tisini walikuwa wamelipa thelathini: singo ishirini na dabo kumi. Theluthi moja tu. Hela iliyoingia ilikuwa 2,000,000, na wageni wake 40. Mpishi akapewa idadi ya 72.

Hesabu ikawa hivi. Gharama zisizobadilika 3,700,000, wageni 72 kwa 25,000 ni 1,800,000. Jumla 5,500,000. Hela iliyokuwepo ni 4,500,000 na 2,000,000 ya michango, yaani 6,500,000. Ikabaki 1,000,000, ambayo waliiongeza kwenye kodi ya nyumba. Umeme ulikatika mchana ule, na mafuta ya jenereta yakatoka kwenye akiba ya dharura. Jumatatu hakuna aliyewapigia simu kudai.

Fikiria sasa wangefuata bajeti ya kwanza. Wangekuwa wamesaini karibu milioni kumi na mbili. Wangeweka akiba yao ya sherehe, hela ya wazazi na michango, bila hata kutenga dharura, wangefika 7,000,000. Wangelala na deni la karibu milioni tano usiku wa harusi yao.

Jumapili iliyofuata walikomunika wote wawili, mtoto akiwa mgongoni kwa bibi yake.

Tutafakari

Katika Luka 14, kuanzia mstari wa 28, Yesu anamzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara. Anasema mtu huyo hukaa kwanza, ahesabu gharama, aone kama anacho cha kumalizia. Angalieni anahesabu nini: alichonacho. Hahesabu alichoahidiwa. Na aibu inayotajwa pale haimpati aliyejenga kidogo. Inampata aliyeanza akashindwa kumaliza.

Kwenye falsafa tulisoma Aristotle, kitabu cha nne cha Maadili ya Nikomako, anapoeleza fadhila ya kutumia hela nyingi kwa jambo kubwa. Anasema matumizi yafae jambo lenyewe na yamfae anayetumia, na maskini anayejaribu kutumia kama tajiri anamwita mpumbavu. Anamcheka pia anayewaandalia rafiki zake chakula cha kawaida kwa kiwango cha harusi. Sisi tumeenda mbele zaidi: tunaandaa harusi kwa kiwango cha harusi ya mtu mwingine.

Hata Kana divai iliisha. Aliyeliona pengo mapema na kulisema alikuwa Mama Maria, naye alilipeleka kwa Mwanae bila kelele. Kila kamati inahitaji mtu wa namna hiyo, anayesema "hapa hatuna" kabla meza hazijajaa watu.

Zoezi la wiki

Kaa na mchumba wako, simu zikiwa pembeni. Andikeni hela iliyopo, toeni yasiyo ya sherehe, tengeni asilimia kumi ya kinachobaki. Andikeni majina ya wageni wa lazima, kisha fanyeni jaribio la sifuri. Likishindwa, punguzeni kabla ya kumwita mtu yeyote kwenye kamati. Na kama tayari mnaishi pamoja, mkaona hata sherehe ndogo haiwezekani mwaka huu, nendeni kwa paroko wiki hii mumweleze. Ndoa ifungwe, chakula kije baadaye.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyealikwa Kana pamoja na Mama yako, tusaidie kukualika wewe kwanza. Utupe ukweli wa kuhesabu tulichonacho, unyenyekevu wa kukisema mbele ya wazee wetu, na amani ya kuanza nyumba isiyo na deni. Amina.

Frateri wenu.